Mkono wangu hautetemeki, mbona petali za karatasi hazilingani?

"Habari mwalimu. Natengeneza maua ya karatasi ya kuning'iniza: tepe za kuviringisha, gundi nyeupe na kijiti cha meno, basi. Mkono wangu ni mtulivu na kila msokoto naukaza vizuri, lakini petali sita hazijawahi kulingana, hii nene, ile nyembamba. Mingine katikati yake inachomoza kama pembe. Gundi inaacha madoa yanayong'aa, na ua la mwisho lilianza kuachia siku ya pili baada ya kulitundika. Je, ninunue kifaa maalumu cha kuviringishia?"

Salama kabisa. Usinunue kitu kwanza. Mkono mtulivu unakufaa sana wakati wa kuviringisha, ila ukubwa wa petali hauamuliwi hapo. Unaamuliwa sekunde ile unapouachia msokoto ufunguke, na hapo wewe, kama wanaoanza wengi, umeiachia karatasi ijiamulie yenyewe.

Tuchukue utepe mmoja tuutazame. Una urefu wa sentimita 21, upana wa milimita 5, na umekatwa kwenye karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.1. Ukiuviringisha kwenye kijiti chenye kipenyo cha milimita 2 na kuukaza barabara, utapata kidonge cha milimita 5 na nusu hivi. Ukiuachia, unatanuka mpaka milimita 15, pengine zaidi. Msokoto wa milimita 15 ukiutazama kutoka juu, karatasi yenyewe imechukua kama sehemu moja ya nane tu ya nafasi. Kilichobaki ni hewa. Kwa hiyo petali yako kwa sehemu kubwa ni hewa iliyoshikiliwa na mnyumbuko wa karatasi, na mnyumbuko huo haufanani kutoka msokoto mmoja hadi mwingine. Uliokazwa sana hufunguka kidogo. Ulioshikwa vidoleni kwa muda huku ukitafuta gundi umeshazoea kujikunja, nao hufunguka kidogo. Ulioguswa na kidole chenye jasho umelainika, na mwenzake mkavu unaruka. Ndiyo maana juhudi zako za kukaza zaidi hazikusaidii. Zinaongeza tofauti badala ya kuipunguza.

Dawa yake ni pete. Msokoto usifungukie hewani wala mezani. Ufungukie ndani ya ukuta usiobadilika. Pete hiyo utaitengeneza mwenyewe kwa maka peni, au kalamu yoyote nene yenye mwili usiopungua upana kuelekea nchani. Zungushia kalamu selotepu mzunguko mmoja, upande wa gundi ukitazama nje na upande laini ukigusa kalamu. Juu yake zungushia ukanda wa karatasi ngumu wenye upana wa sentimita moja, mara tatu au nne, ukipaka gundi kati ya tabaka. Ikikauka, ivute itoke. Sasa una pete ambayo ndani yake ni laini na gundi haiishiki kwa urahisi. Si lazima iwe milimita 15 kamili. Kalamu yako ikitoa 14 au 16, hiyo ndiyo saizi ya ua zima. La lazima ni kwamba petali zote sita zipite kwenye pete ileile, na tepe zote ziwe na urefu uleule.

Ukimaliza kuviringisha, telezesha msokoto utoke kwenye kijiti ukiwa bado umekazwa, uingize ndani ya pete iliyolala mezani, kisha uachie. Usiusaidie. Utasikia mchakacho mdogo wa karatasi ikitulia. Tazama ukingo: msokoto unapaswa kugusa ukuta wa pete pande zote. Ukibaki na mwanya, ulikaza mno. Ugongegonge juu kwa kijiti, na mara nyingi utamalizia kufunguka. Usipotaka kabisa hata baada ya hapo, pete ni kubwa kwa urefu wa utepe ule. Tafuta kalamu nyembamba zaidi au ongeza urefu wa utepe, lakini usiulazimishe kwa kuuvuta, kwa sababu ukivutwa mizunguko ya ndani hulegea ovyo na haitapangika tena.

Hapo msokoto ukiwa bado ndani ya pete ndipo unapoufunga. Tafuta mkia wa utepe kwenye ukuta. Chukua gundi kwenye ncha ya kijiti kingine, tone lisilozidi kichwa cha pini, liingize kati ya mkia na mzunguko ulio ndani yake. Kisha kwa ncha safi ubane mzunguko huo dhidi ya ukuta kwa muda wa kama sekunde 20. Pete inafanya kazi ya kidole cha pili, na ukubwa hauwezi kubadilika wakati gundi inashika. Jambo dogo la kuongeza hapa: kabla ya kuviringisha, mwisho wa utepe usiukate kwa mkasi. Uchane kwa vidole, taratibu. Ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zilizopungua unene, unalala bapa, na kiungo hakionekani isipokuwa kwa anayekitafuta.

Sasa hiyo katikati inayochomoza kama pembe. Chanzo chake hasa ni umbo la kijiti cha meno. Kiviringishe mezani ukiangalia nchani: kinaanza kuwa chembamba robo au theluthi ya urefu kabla ya mwisho. Ukiviringisha utepe kwenye sehemu hiyo, kila mzunguko unateleza kidogo kuelekea kwenye wembamba, na mizunguko ya ndani inasogea kutoka kwenye mstari. Mkono uwe mtulivu namna gani, utaipata pembe. Kata ncha zote mbili na ubaki na sehemu ya katikati ambayo unene wake haubadiliki. Ncha ulizokata zitunze, hizo ndizo za gundi.

Namna ya kuanza mzunguko wa kwanza nayo ina maana. Wengi hupasua mwisho wa kijiti kwa wembe ili utepe uingie kwenye mpasuko. Inawezekana, ila kijiti cha mbao laini hupasuka ovyo na wembe hukimbilia kidoleni, nami simshauri anayeanza. Njia salama ni kuburuta sentimita ya kwanza ya utepe kati ya kidole gumba na ukucha, kama unavyofanya utepe wa zawadi ukitaka ujikunje. Ukishajikunja, uweke kwenye kijiti, bonyeza kwa kidole cha shahada, kisha zungusha kijiti chenyewe. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unauongoza utepe tu na kuuwekea mvuto mdogo usiobadilika. Kila baada ya mizunguko michache, simamisha msokoto mezani ukiwa bado kwenye kijiti na uubonyeze kidogo, kingo zote zishuke usawa mmoja. Kama baada ya haya yote bado kuna pembe, pima upana wa utepe mwanzoni, katikati na mwishoni. Utepe uliokatwa kwa mkasi mara nyingi una milimita 5 upande mmoja na 4 upande mwingine, na hakuna namna ya kuviringisha itakayoficha hilo. Kata kwa kisu cha karatasi na rula ya chuma, karatasi moja au mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu karatasi, kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Nyuzinyuzi za karatasi iliyotoka kiwandani zimelala zaidi upande mmoja. Utepe uliokatwa kufuata nyuzi ni mgumu. Unapouviringisha unajikunja kwa kuvunjikavunjika, na msokoto unatoka na pembe ndogondogo badala ya duara. Uliokatwa kukingama nyuzi unajikunja kwa ulaini. Kujua upande si kazi: kata tepe mbili za urefu na upana sawa kutoka karatasi moja, moja kwa urefu wa karatasi na nyingine kwa upana, uzishike zote kwa ncha zikae mlalo hewani. Ile inayoinama zaidi ndiyo ya kuviringisha. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake hufuata urefu, kwa hiyo utepe mzuri hutoka ukikata kwa upana, na ndipo tunapopata ule urefu wa sentimita 21. Ila pima kila aina mpya ya karatasi, usidhanie. Karatasi ya kung'aa ya magazeti iache kwa mapambo haya: uso wake umepakwa, gundi haiingii ndani, na kiungo huachia.

Tukija kwenye gundi, madoa na kuachia kwa ua lako vina uhusiano, ingawa vinaonekana kama matatizo mawili yanayopingana. Ulipoona ua linaachia, bila shaka uliongeza gundi. Lakini gundi nyeupe hushika kwa namna hii: maji yake yanaingia kwenye karatasi na mengine yanapaa hewani, na kinachobaki kati ya karatasi mbili ni utando mwembamba. Tone kubwa huchelewa kukauka, linalainisha karatasi ikavimba, na lilipofurika pembeni linakauka likiwa na mng'ao. Nguvu haikuongezeka, kwa sababu gundi iliyofurika haiko kati ya nyuso mbili. Ukitaka kujua kama kipimo chako ni sahihi, bana kiungo: hakuna kitu kinachopaswa kutoka pembeni. Kikitoka, kifute palepale kwa ncha kavu ya kijiti, usisubiri. Gundi ya fimbo usiitumie hapa, mvuto wa msokoto unaishinda. Gundi ya kukauka papo hapo nayo inanyonywa na karatasi, inaacha doa gumu jeusijeusi, tena haikupi muda wa kurekebisha.

Kilichofungua ua lako siku ya pili, kwa jinsi ninavyoelewa maelezo yako, ni eneo la kiungo. Petali zinapogusana kwa ncha tu pale katikati, zinashikiliwa na mstari mwembamba wa gundi, kisha uzito wote unaning'inia hapo. Petali za ua la kutundika zinapaswa kugusana kwa mbavu. Basi tulijenge ua moja kwa mpangilio huo.

Chora duara kwenye karatasi kwa bikari. Bila kubadilisha upana wa bikari, pima nusu kipenyo hicho kuzunguka ukingo. Utapata alama sita sawasawa. Ziunganishe na kitovu, na sasa una vipande sita vya digrii 60 kila kimoja. Juu ya mchoro weka nailoni angavu ili gundi isishike.

Toa msokoto wa kwanza kwenye pete. Kwa ncha ya kijiti sogeza kiini chake kuelekea upande ulio mkabala na kiungo, kisha bana kwa vidole pale penye kiungo. Umepata umbo la tone, na ncha imemeza kiungo. Fanya hivyo kwa misokoto yote sita, kiini kikisogezwa upande uleule, maana jicho hugundua kiini kilichopotoka haraka kuliko linavyogundua tofauti ya milimita moja kwenye ukingo. Usibane kwa nguvu zote. Ukibana sana, ncha inakuwa kali na mbavu za tone zinabaki zimejipinda kwa ndani. Petali sita za namna hiyo zikikaa pamoja zinaacha mianya kama miale. Unachotaka ni ncha ya digrii 60 yenye mbavu zilizonyooka. Weka tone kwenye kipande kimoja cha mchoro, ncha kwenye kitovu, na kwa kingo za rula mbili, au kadi mbili ngumu, ubonyeze mbavu zifuate mistari.

Tone lililotoka kwenye msokoto wa milimita 15 litakuwa na urefu wa milimita 18 au 19, na mbavu yake iliyonyooka itakuwa na karibu sentimita moja. Petali mbili jirani zitagusana kwa sentimita hiyo nzima, kwa kina cha milimita 5 za upana wa utepe. Linganisha na ncha zilizogusana peke yake, utaelewa kwa nini lile liliachia.

Usiunganishe sita kwa mkupuo. Unganisha tatu, ukipaka gundi nyembamba kwenye mbavu, kisha tatu nyingine kando. Kila kundi la tatu ni nusu ua, kwa hiyo mbavu zake mbili za nje zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Weka rula. Kama nusu imevuka mstari, zibane petali zisogeleane kabla gundi haijashika. Kama imepungua, zifungue kidogo. Hapa ndipo makosa madogo yanapofutwa. Ukizungusha petali moja moja mpaka ya sita, kosa la digrii mbili kwa kila moja linajumlishana, na ya mwisho inakosa nafasi au inaelea. Nusu mbili zikishanyooka, ziunganishe, na ua lako lina upana wa karibu sentimita nne.

Katikati, pale ncha sita zinapokutana, hapatakuwa safi kabisa, wala hapahitaji kuwa. Chukua utepe mwembamba wa milimita 2 au 3, uviringishe ukazwe kabisa, na huu usiuachie. Ufunge kwa gundi hivyohivyo. Tengeneza vidonge viwili vya namna hiyo, ubandike kimoja kila upande wa ua. Vinaficha makutano na kufunga ncha zote sita kwa pamoja.

Uzi usiubandike kwenye petali. Msokoto ulio wazi una ukuta wa karatasi moja tu na uzi utaukunja. Zungushia utepe kwenye kijiti mara nne au tano ukiwa umekazwa, ufunge, na pete hiyo ndogo uibandike kwenye bonde kati ya migongo ya petali mbili, ili ishikwe na pande mbili. Uzi unapita ndani yake. Kisha acha ua lilale kwenye nailoni saa 24 kabla ya kulitundika. Gundi itaonekana imekauka ndani ya nusu saa, lakini ndani ya kiungo bado kuna maji, na kiungo kibichi kikibebeshwa uzito huteleza polepole bila wewe kuona. Nadhani siku ya pili ya ua lako ilianzia hapo pia. Na chumba chenye unyevu mwingi, kama cha kuogea, hakifai kwa mapambo haya hata ukiyajenga vizuri; karatasi hunyonya unyevu kutoka hewani, hulegea, na misokoto hupoteza umbo.

Sasa kifaa. Kile chenye mpini na mpasuko nchani kinaongeza kasi, hasa ukiwa na misokoto mingi ya kufanya, na mzunguko wa kwanza unaanza bila kuhangaika. Hasara yake ni kwamba mpasuko unaacha kikunjo kidogo kwenye kiini, nacho huonekana kwenye misokoto iliyo wazi. Kijiti chako kinaacha tundu la duara, na mimi kwa ua la kutundika naliona tundu hilo zuri zaidi. Mashine ya kuviringishia inafanya kazi haraka, lakini haikusaidii pale unapokwama, maana ikishaviringisha bado ni wewe unayeachia na kufunga. Ubao wa plastiki wenye matundu ya saizi mbalimbali ni wenye manufaa kuliko vyote viwili, kwa kuwa ni ile pete yako ikiwa katika saizi nyingi. Kama lazima ununue kitu, anza na huo.

Jaribu ua moja kwa njia hii kabla ya kubadilisha kitu kingine. Misokoto yako ikijaa pete na bado petali zikatoka tofauti, mtafute mtu anayefanya kazi hii akae kando yako atazame vidole vyako, kwa sababu mvuto wa utepe mkononi hauonekani kwenye picha wala hauelezeki vizuri kwa maandishi. Mwombe aviringishe utepe mmoja nawe mwingine kutoka karatasi ileile, mwachie kwa pamoja kwenye pete mbili, mlinganishe. Na ikiwa kidole gumba kinauma au kinakufa ganzi baada ya kuviringisha, na hali hiyo inaendelea hata ukipumzika siku chache, iache kazi na umwone mhudumu wa afya.